Saa moja iliyomwacha abiria Juba: Ripoti ya hitilafu ya programu huandikwaje?

Msafiri anayevuka mpaka kutoka Elegu, kaskazini mwa Uganda, na kuingia Nimule, Sudan Kusini, hupita mwendo mfupi tu, lakini saa yake hulazimika kurudi nyuma kwa dakika 60. Binadamu hulizoea jambo hilo baada ya safari moja au mbili. Programu za simu hazina mazoea. Hufuata hesabu ziliyoandikiwa, na hesabu hiyo ikikosewa, anayegundua kosa kwanza si mhandisi aliyeitengeneza programu, bali ni abiria aliyesimama kituoni na mizigo yake huku basi limekwisha kuondoka.

Abiria huyo ana jambo ambalo mhandisi hana: ameiona hitilafu kwa macho yake. Mhandisi naye ana uwezo ambao abiria hana: anaweza kuirekebisha. Kinachowaunganisha ni maandishi machache yanayoitwa ripoti ya hitilafu. Makala haya yanafuatilia ripoti ya namna hiyo tangu ujumbe wa kwanza usiosaidia hadi ule uliowezesha chanzo kupatikana. Abiria, kampuni ya mabasi na programu yake ya tiketi ni vya mfano. Mabadiliko ya saa yaliyosababisha mkanganyiko huo ni ya kweli.

Sudan Kusini ilipobadili saa

Kwa miaka mingi, Juba na Kampala zilitumia saa zilezile, yaani saa tatu mbele ya saa ya pamoja ya dunia, inayoandikwa UTC. Ilipofika usiku wa kuingia tarehe 1 Februari 2021, Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Tangu hapo nchi hiyo iko saa mbili mbele ya UTC, sawa na Sudan, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Uganda, Kenya, Tanzania na Ethiopia zimebaki saa tatu mbele.

Simu haiwezi kuyajua mabadiliko ya namna hiyo yenyewe. Ndani yake mna jedwali linaloorodhesha kanda za saa za dunia nzima, na kila kanda ina jina lake, kama vile `Africa/Kampala` au `Africa/Juba`. Jedwali hilo hutayarishwa na wataalamu wanaoshirikiana kutoka nchi mbalimbali na kutolewa upya kila nchi inapobadili saa. Toleo lililoingiza mabadiliko ya Sudan Kusini, linaloitwa `2021a`, lilitoka Januari 2021, siku chache tu kabla ya mabadiliko yenyewe kuanza.

Jedwali kutolewa si sawa na jedwali kufika. Simu mpya nyingi hulipata pamoja na masasisho ya kawaida. Simu ya zamani ambayo kampuni iliyoiunda imeacha kuitumia masasisho hubaki na jedwali la zamani. Simu hiyo itaendelea kuamini kwamba Juba iko saa tatu mbele ya UTC, na haitatoa onyo lolote.

Ujumbe wawili, majibu mawili, hakuna suluhisho

Abiria wa mfano wetu ni mfanyabiashara wa nguo anayekwenda Kampala kila mwezi kununua bidhaa. Alinunua tiketi kwa simu yake. Programu ikamwonyesha kwamba basi litaondoka Juba saa 1 kamili asubuhi, yaani 07:00. Alipofika kituoni dakika 20 kabla ya wakati huo, alilikuta eneo la kuegesha mabasi likiwa tupu.

"Dada, basi la Kampala limeondoka saa 12," karani wa tiketi alimwambia.

"Lakini simu yenyewe imeniandikia saa 1, kaka. Tazama."

Karani alitazama, akatikisa kichwa, kisha akamwonyesha stakabadhi iliyochapishwa ofisini: 06:00. Safari ya siku hiyo ikawa imepotea, na miadi na muuzaji wa jumla wa Kampala ikapotea pamoja nayo.

Jioni alituma ujumbe kupitia sehemu ya msaada ya programu: "Programu yenu inadanganya saa. Nimeachwa na basi. Rekebisheni haraka." Mhandisi aliyeupokea alikuwa Kampala. Alifungua tiketi ya safari hiyo kwenye simu yake, akaona 07:00. Kwa kuwa saa 06:00 ya Juba ni saa 07:00 ya Kampala, aliona hakuna kosa. Akajibu kwamba wamejaribu na saa inaonekana vizuri.

Abiria aliandika tena, safari hii akijitahidi kueleza zaidi: "Inaonyesha saa moja badala ya saa kumi na mbili." Msemaji wa Kiswahili anaelewa mara moja, kwa maana saa zetu huanza kuhesabiwa kunapokucha. Lakini mfanyakazi wa huduma kwa wateja aliutafsiri ujumbe huo kwa Kiingereza neno kwa neno kabla ya kuupeleka kwa wahandisi, na wao wakausoma kwa mtindo wao wa kuhesabu saa: saa saba badala ya saa sita. Wakatumia siku nzima kukagua jinsi programu inavyotofautisha usiku wa manane na adhuhuri, mahali ambapo hapakuwa na tatizo lolote.

Hakuna aliyesema uongo katika mawasiliano hayo, wala hakuna aliyezembea. Ujumbe wa kwanza haukusema tatizo lilionekana wapi na kwa njia gani. Wa pili ulisema saa, lakini kwa namna inayosomeka kwa njia mbili. Wote wawili uliwaachia wahandisi kazi ya kukisia.

Hatua: njia ambayo mwingine anaweza kuipita

Lengo la sehemu ya kwanza ya ripoti ni kumwezesha mtu ambaye hajawahi kuiona hitilafu airudie mbele ya macho yake. Mhandisi akishaweza kuirudia, anaweza kuichunguza, kubadili kitu kimoja kimoja, na mwishoni kuthibitisha kwamba imekwisha. Asipoweza kuirudia, mara nyingi ripoti hufungwa kama ilivyofungwa ile ya kwanza.

Kwa hiyo hatua huandikwa kwa namba, kila moja ikiwa na tendo moja, na majina ya vitufe yakiandikwa kama yanavyosomeka kwenye skrini. "Niliingia kwenye tiketi" haitoshi ikiwa kuna njia tatu za kuifikia tiketi, kwani huenda hitilafu iko katika njia moja tu. "Nimegusa Tiketi zangu, kisha nikagusa safari ya Juba kwenda Kampala" haiachi shaka.

Hatua ambayo watu wengi huisahau ni ile ya mwanzo kabisa: hali ya mambo kabla ya kugusa chochote. Katika mfano wetu, simu ilikuwa Juba, na mipangilio yake ya saa ilikuwa ya aina fulani. Mhandisi wa Kampala alifuata hatua zilezile za kufungua tiketi, ila alianzia mahali pengine, naye akaishia kwenye matokeo aliyoyaona kuwa sahihi. Hatua zinazoanzia katikati humfikisha msomaji kwenye mlango usio wake.

Baada ya kuziandika, mwandishi wa ripoti hana budi kuzifuata mwenyewe tena, kama zilivyo kwenye karatasi, bila kuongeza lolote kichwani. Hapo ndipo hugundua alichokiruka. Pia hupata jibu la swali litakaloulizwa kwa hakika: je, hitilafu hutokea kila mara? "Nimejaribu mara 3, imetokea mara 3" ni habari tofauti kabisa na "nimejaribu mara 10, imetokea mara 2". Ya kwanza humwelekeza mhandisi kwenye hesabu au mpangilio usiobadilika. Ya pili humfanya afikirie mambo yanayobadilika, kama vile mtandao unaokatika au matendo mawili yanayofuatana kwa kasi.

Matokeo yaliyotarajiwa, na sababu ya kuyatarajia

Sehemu ya pili hueleza kilichopaswa kutokea. Wengi huiruka wakidhani kwamba inajieleza. Kisa cha tiketi kinaonyesha kwa nini haijielezi: mhandisi alidhani kwamba programu inapaswa kuonyesha saa ya mahali simu ilipo, ilhali abiria alitarajia ionyeshe saa ya kituo basi linapoondokea. Mtu aliye Kampala akimkatia tiketi mama yake aliye Juba, ni saa ipi inapaswa kuandikwa? Tofauti hiyo ya matarajio ilikuwa nusu ya tatizo, na haikuonekana hadi mmoja wao alipoiandika.

Matarajio huwa na nguvu yakiandamana na chanzo chake. "Nilitarajia 06:00" ni kauli ya mtu mmoja. "Nilitarajia 06:00, kwa sababu ndivyo ilivyochapishwa kwenye stakabadhi ya tiketi hiyohiyo, na ndivyo ilivyobandikwa kwenye ratiba ya kituo cha Juba" ni ushahidi. Chanzo kinaweza pia kuwa maelezo ya programu yenyewe, au tabia yake kabla ya kusasishwa. Pasipo na chanzo chochote, inafaa kusema wazi kwamba hilo ni pendekezo, maana huenda programu inafanya kile kilichokusudiwa na kilichokusudiwa ndicho kinachohitaji kufikiriwa upya.

Matokeo halisi: kilichoonekana, si kilichodhaniwa

Sehemu ya tatu husimulia kilichotokea, na hapa ndipo mkono wa mwandishi huteleza kwa urahisi zaidi. Badala ya kuandika alichokiona, huandika alichokihitimisha. "Seva yenu imeharibika" ni hitimisho. "Mstari wa Kuondoka unasomeka 07:00" ni kitu kilichoonekana. Hitimisho likiwa na makosa, humpeleka mhandisi kwenye njia isiyo yake; kilichoonekana hubaki kweli hata kama chanzo chake bado hakijulikani. Mwenye dhana anaweza kuitaja, lakini mwishoni, akisema kwamba ni dhana.

Ujumbe wa kosa ukitokea kwenye skrini, hunakiliwa wote, neno kwa neno, pamoja na namba zake, bila kufasiriwa. Wahandisi hulitafuta neno lilelile ndani ya programu yao, na neno lililotafsiriwa halipatikani humo. Picha ya skrini husaidia, mradi isichukue nafasi ya maandishi, kwa kuwa maandishi yaliyo ndani ya picha hayatafutiki kwa urahisi.

Kwa wanaoandika kwa Kiswahili, saa zinahitaji uangalifu wa pekee. Njia iliyo salama ni kuandika kwa tarakimu nne za mtindo wa saa 24, kisha kutaja saa hizo ni za wapi: "07:00, saa za Juba". Tarehe nazo huandikwa kwa jina la mwezi, maana 5/6 ni tarehe 5 Juni kwa msomaji mmoja na tarehe 6 Mei kwa mwingine.

Kisha kuna jaribio moja dogo lenye thamani kubwa: kubadili kitu kimoja na kutazama tena. Abiria wetu alimwomba dada yake, mwenye simu mpya zaidi, aifungue tiketi ileile kwa akaunti ileile. Simu ya dada ilionyesha 06:00. Kwa tendo hilo la dakika mbili aliiondoa seva kwenye orodha ya washukiwa, kwani seva ilikuwa imetuma habari zilezile kwa simu zote mbili. Kilichotofautiana kilikuwa ndani ya simu.

Taarifa za kifaa: kwa nini "simu ya Android" haitoshi

Sehemu ya nne hutaja kifaa. Mambo ya lazima ni machache: aina na jina la simu, toleo la mfumo wake, na toleo la programu yenye hitilafu. Mawili ya kwanza hupatikana katika Mipangilio, kwenye ukurasa wa Kuhusu simu. Toleo la programu huonekana kwenye ukurasa wa maelezo ya programu hiyo, ndani ya orodha ya programu zote. Kuandika "toleo jipya kabisa" hakusaidii, kwa sababu lililo jipya leo halitakuwa jipya ripoti itakaposomwa.

Mengine hutegemea hitilafu yenyewe. Ikiwa tatizo ni la kupakia picha, aina ya mtandao na nafasi iliyobaki kwenye simu vina uzito. Ikiwa ni la maandishi yanayokatika, ukubwa wa herufi na lugha ya simu ndivyo vya kutajwa. Kwa tatizo la saa, kinachohitajika ni ukurasa wa Tarehe na saa: kanda iliyochaguliwa, tofauti yake na saa ya dunia kama simu inavyoiandika, na kama saa inajipanga yenyewe kutoka kwenye mtandao au imepangwa kwa mkono.

Abiria alipofungua ukurasa huo, alikuta mambo mawili. Simu yake ilikuwa imechagua Sudan Kusini kama eneo, lakini pembeni paliandikwa `GMT+03:00`. Na ule mpangilio wa saa kujiendesha yenyewe ulikuwa umezimwa. Akakumbuka: tangu nchi ilipobadili saa, simu yake ilikuwa mbele ya saa za watu wengine, naye akairudisha nyuma kwa mkono na kusahau.

Hapo ndipo fumbo lote lilipokuwa. Kioo cha simu kilionyesha saa sahihi, ndiyo maana hakuwahi kuishuku. Lakini tiketi haikusomwa kutoka kwenye kioo. Seva ilituma wakati wa kuondoka kwa saa ya dunia, 04:00. Simu ikachukua jedwali lake la zamani, ikaongeza saa tatu badala ya mbili, ikaandika 07:00. Mwenye simu kama hiyo anaweza kuitambua kwa dalili nyingine: katika baadhi ya programu za mazungumzo, ujumbe unaoingia sasa hivi huonekana kana kwamba umetumwa saa moja baadaye.

Ripoti yenyewe

Ujumbe wa tatu ulikuwa kama ifuatavyo:

Kichwa: Tiketi ya Juba–Kampala inaonyesha muda wa kuondoka saa moja mbele kwenye simu ya Android 9

Hali ya mwanzo: Simu iko Juba. Eneo lililochaguliwa ni Sudan Kusini, na simu inaandika `GMT+03:00`. Saa imepangwa kwa mkono na inalingana na saa ya kituo.

Hatua:
1. Fungua programu na uingie kwenye akaunti.
2. Gusa "Tiketi zangu".
3. Gusa safari ya Juba kwenda Kampala.
4. Soma mstari wa "Kuondoka".

Matokeo yaliyotarajiwa: 06:00, saa za Juba, kama ilivyo kwenye stakabadhi ya tiketi hiyohiyo iliyochapishwa ofisini.

Matokeo halisi: Mstari unasomeka 07:00. Nimejaribu mara 3, imetokea mara 3, hata baada ya kuizima na kuiwasha simu. Tiketi hiyohiyo kwenye simu nyingine yenye Android 13, iliyopo Juba, inasomeka 06:00.

Kifaa: Jina la simu na toleo la programu viko kwenye picha ya kwanza. Android 9. Sasisho la mwisho la usalama ni la Agosti 2020.

Athari: Abiria anayefuata muda wa programu hufika baada ya basi kuondoka. Nimekosa safari moja.

Viambatisho: Picha ya ukurasa wa tiketi, namba ya tiketi ikiwa imefichwa, picha ya ukurasa wa Tarehe na saa.

Ripoti hiyo haizidi nusu ukurasa. Kichwa chake hutaja nini kinatokea, wapi, na kwenye nini, ili anayepitia orodha ndefu ya ripoti aitofautishe na nyingine bila kuifungua. Hasira haimo, ingawa abiria alikuwa na kila sababu ya kukasirika; mahali pake pamechukuliwa na mstari wa Athari, ambao ndio unaomsaidia mhandisi kuamua ni ripoti ipi ianze kushughulikiwa. Na ina hitilafu moja tu. Abiria alikuwa pia na malalamiko kuhusu malipo yanayochelewa kuthibitishwa, lakini aliyaandika katika ripoti nyingine, kwa kuwa ripoti yenye mambo mawili hufungwa mara jambo la kwanza linapomalizika.

Kilichofichwa nacho kina maana. Namba ya tiketi, namba ya simu, namba ya siri na jina kamili havihitajiki katika ripoti ambayo huenda ikasomwa na watu wengi. Wahandisi wakihitaji kuitambua akaunti, wataomba kwa njia ya faragha. Namba ya siri haiombwi kabisa na mtu halali.

Jinsi kila mstari ulivyofanya kazi

Mhandisi alianza kwa kuiweka simu yake ya majaribio katika kanda ya Sudan Kusini na kufuata hatua nne. Aliona 06:00. Kwa mujibu wa alichokiona, hitilafu haikuwapo, na kama ripoti ingeishia kwenye hatua hizo, ingefungwa kwa mara ya tatu.

Lakini alisoma mstari wa hali ya mwanzo: kwenye simu ya abiria, Sudan Kusini iliandikwa `GMT+03:00`. Kwenye simu yake iliandikwa `GMT+02:00`. Akasoma taarifa za kifaa: sasisho la mwisho lilikuwa la Agosti 2020, miezi kadhaa kabla ya jedwali la Januari 2021. Akatafuta ofisini simu ya zamani ambayo haikuwa imesasishwa tangu kabla ya mwaka 2021, akafuata hatua zilezile, na 07:00 ikatokea mbele yake.

Kuanzia hapo kazi haikuwa ngumu. Kwa kuwa programu haiwezi kuilazimisha kila simu iwe na jedwali jipya, wahandisi waliamua isitegemee jedwali hilo kabisa. Seva sasa hufanya hesabu yenyewe na kutuma saa ya kituo cha kuondokea, na programu huandika "06:00, saa za Juba" bila kuongeza wala kupunguza, iwe simu iko Juba, Gulu au Kampala. Mstari wa matokeo yaliyotarajiwa ndio uliowaonyesha kwamba hivyo ndivyo abiria anavyoisoma tiketi. Hatua zile nne zikageuzwa kuwa jaribio la kudumu, linalofanywa kwenye simu ya zamani kila kabla ya kutoa toleo jipya.

Ripoti nzuri ina mipaka yake. Haikumrudishia mfanyabiashara safari aliyoikosa, wala haikusahihisha jedwali lililomo ndani ya simu yake. Programu nyingine kwenye simu hiyo zitaendelea kukosea hadi atakapochagua kanda nyingine iliyo saa mbili mbele, kama ile ya Rwanda, na kuiacha saa ijipange yenyewe. Pia hakuwahi kukijua chanzo cha hitilafu alipokuwa akiandika, wala hakuhitaji kukijua. Aliandika alikoanzia, alichogusa, alichokitarajia, alichokiona, na kifaa alichokishika mkononi. Chanzo kilikuwa tayari kimo ndani ya mistari hiyo, kikimsubiri mtu mwenye simu ya zamani ofisini.